Dakika Moja ya Kumtambulisha Bibi kwa Kiingereza

Zoezi lenyewe linaonekana dogo. Mwalimu wa Kiingereza anawaambia wanafunzi waende nyumbani, wachague mtu mmoja wa familia, na kesho kila mmoja asimame mbele ya darasa amwelezee mtu huyo kwa dakika moja. Kwa mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, dakika hiyo huwa ndefu kuliko kipindi kizima.

Zoezi hilo halikuwekwa hapo kwa bahati. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha mfumo wa kupima ngazi za lugha, ambao leo unatumika hata nje ya Ulaya. Katika ngazi ya chini kabisa, A1, moja ya mambo ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuweza ni kueleza kwa sentensi nyepesi mahali anapoishi na watu anaowafahamu. Ndugu wa familia anafaa kwa kuwa mwanafunzi hahitaji kutafuta habari zake, anazo tayari. Kazi inayobaki ni ya lugha peke yake.

Kosa la kwanza hufanyika kalamu ikiwa bado juu ya karatasi: mwanafunzi hutunga hotuba nzima kwa Kiswahili kizuri, kisha anaifasiri neno kwa neno. Sentensi za Kiswahili humzidi nguvu. Njia inayofaa ni kuandika kwanza mambo manne au matano ya kweli kuhusu mtu huyo, kwa maneno mafupi, halafu kila jambo lipewe sentensi yake ya Kiingereza. Tuseme mtu aliyechaguliwa ni bibi, ana miaka 68, anaishi Tanga pamoja na familia, anauza vitumbua. Hotuba isiyofika maneno 80 inaweza kuwa hivi, nukta zikingoja jina lake:

“Good morning, teacher and classmates. I want to tell you about my grandmother. Her name is … She is sixty-eight years old. She lives with us in Tanga. Every morning she wakes up at five o'clock and makes vitumbua. She sells them near the bus stand. She knows the name of every customer. When I come home from school, she always asks me one question: ‘What did you eat?’ I love my grandmother. Thank you.”

Hakuna neno gumu hapo, na vitumbua vimeachwa na jina lao, kama inavyostahili. Lakini karibu kila sentensi ina mahali ambapo mzungumzaji wa Kiswahili hujikwaa.

Anza na umri. Kwa Kiswahili bibi “ana” miaka 68, kwa hiyo wengi husema “She has sixty-eight years.” Kiingereza hakimpi mtu miaka mkononi, kinasema mtu “yuko” mzee wa miaka kadhaa, ndiyo maana ni “She is sixty-eight years old.” Saa nayo ina mtego wake. Bibi huyu huamka saa kumi na moja alfajiri, na mwanafunzi mwenye haraka atasema “eleven o'clock”. Darasa litamwona bibi akiamka wakati vitumbua vya wenzake vimeshakwisha.

Kuna pia jinsia. Kiambishi “a-” cha Kiswahili kinabeba baba na mama bila ubaguzi, hivyo ulimi haujazoea kuchagua. Ndipo bibi anaanza kama “she”, katikati ya hotuba anageuka “he”, na mwishoni anarudi. Kuelewa kanuni hakutoshi hapa, kwa sababu karibu kila mwanafunzi anaijua ukimuuliza. Kinachosaidia ni kuchagua kabla ya kusimama, kupigia mstari kila “she” na kila “her” kwenye karatasi, na kuisoma hotuba kwa sauti hadi masikio yenyewe yakatae “he”.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni herufi moja: “s” ya mwisho wa kitenzi. Katika hotuba hii imetokea mara sita: lives, wakes, makes, sells, knows, asks. Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ninauza na anauza, na sikio la Mswahili limejifunza kusikiliza hapo. Kiingereza kimeificha alama yake mwishoni, mahali ambapo maneno mengi ya Kiswahili huwa na irabu. Matokeo ni mawili: ama “s” inamezwa, ama inaongezewa irabu ikawa “selisi”. Wengine, wakihisi kuna kitu kimepungua, hukijaza kwa “is” na kusema “She is sell”. Hapo wanafuata “-na-” ya anauza. Ingekuwa afadhali wakumbuke “hu-”: bibi huamka, hupika, huuza. Mambo ya mazoea ya kila siku ndiyo yanayodai “She sells”, ilhali “She is selling” ni kwa yule ambaye sasa hivi yuko stendi na beseni lake.

Bibi ni ndugu rahisi. Mama mdogo si rahisi hivyo. Mwanafunzi akisema “my small mother” darasa la Waswahili litamwelewa, Mwingereza atadhani mama ni mfupi. Kiingereza kina “aunt” moja kwa mama mdogo, mama mkubwa na shangazi, kwa hiyo anayetaka kuwa wazi aongeze maneno machache: “my aunt, my mother's younger sister”. Baba mkubwa vilevile ni “my uncle, my father's elder brother”. Shemeji na wifi ni bora wasubiri muhula ujao.

Walimu nao wana sehemu yao. Kuagiza darasa zima limweleze “baba” au “mama” ni kumwekea mtego mtoto asiye nao. Ndugu yeyote atosha. Na kuna jambo la kusikiliza hotuba inapokwisha. Mtoto aliyekariri sauti tupu hujulikana kwa swali moja dogo. Mwulize “Where does she live?” naye, ingawa amelitamka jibu nusu dakika iliyopita, atakodoa macho au ataanza upya kutoka “Good morning”. Ndiyo maana ni vizuri mwanafunzi ajiandae kwa maswali matatu, la umri, la makazi na la kazi, na asimame na kikaratasi chenye maneno matano tu ya kumkumbusha badala ya hotuba nzima.

Sentensi yenye thamani zaidi katika mfano ule ni ya swali la bibi. Umri na makazi kila mtu anavyo, swali la “What did you eat?” ni la bibi huyu, na ndilo litakalowafanya wenzake wacheke. Kila hotuba ya namna hii inahitaji jambo moja kama hilo.

Mzazi au kaka mkubwa atakayeombwa msaada jioni asimwandikie mtoto hotuba mpya yenye maneno mazito. Akae, amsikilize mara mbili, na ahesabu kama zile “s” sita zimesikika zote.