Kufuli la mkutano wa Zoom na wanaobaki nje

Novemba 2020 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni ya Zoom. Tume ilidai kwamba tangu mwaka 2016, au hata kabla, kampuni hiyo iliwaambia wateja kuwa mikutano yao inalindwa kwa usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, kumbe funguo za kuifungulia zilikuwa kwenye seva zake yenyewe. Siku chache kabla ya tangazo hilo, Zoom ilikuwa imeanza kutoa usimbaji wa kweli wa aina hiyo. Upo hadi leo, ila lazima uuwashe mwenyewe, na ukiuwasha utaona baadhi ya huduma ulizozizoea hazipo tena.

Katika mkutano wa kawaida, sauti na picha zako husimbwa zikiwa njiani, lakini seva inao ufunguo na inaweza kusikia na kuona ikitakiwa. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ukiwashwa, kifaa cha mwenyeji wa mkutano ndicho kinachotengeneza ufunguo. Kisha kinamwandalia kila mshiriki nakala yake, iliyofungwa kwa namna ambayo kifaa cha mshiriki huyo peke yake kinaweza kuifungua. Kazi inayoibakia seva ni ya posta: inapokea vifurushi, inajua vinakwenda kwa nani, inavipeleka bila kuona kilichomo.

Huduma zinazopotea ni zile zilizohitaji seva ielewe kilichomo. Chukua kikao cha bodi ya chama cha akiba na mikopo kinachojadili tuhuma dhidi ya mhasibu. Wajumbe wanane wako Dodoma na Mwanza, kila mmoja na programu ya Zoom. Wa tisa yuko Marekani, yuko safarini, naye amezoea kupiga namba ya simu ya kawaida na kusikiliza. Katibu akiwasha usimbaji huu, mjumbe huyo hawezi kuingia kwa njia hiyo. Simu ya kawaida haina mahali pa kuhifadhi ufunguo. Ili asikie, seva ingebidi ifungue sauti za wenzake wote, izichanganye, kisha izipitishe kwenye laini ya simu, na hapo siri ingekuwa imeshatoka. Dawa yake ni kuweka programu kwenye simu janja.

Katibu naye alitegemea kurekodi kikao kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Zoom ili aandike muhtasari baadaye. Hilo nalo haliwezekani, ingawa anaweza kurekodi kwenye kompyuta yake, na kuanzia hapo usalama wa faili hilo ni jukumu lake. Kurusha mkutano moja kwa moja kwenye mitandao ya kijamii hakupo pia.

Pigo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la maandishi ya papo kwa papo yanayotokea chini ya picha. Kwa wengi wetu ni urahisi tu. Mjumbe asiyesikia vizuri huyategemea ili ashiriki sawa na wenzake. Maandishi hayo hutengenezwa na seva inayosikiliza, kwa hiyo huondoka. Kabla ya kugusa kitufe hicho, mwenyekiti amuulize mjumbe huyo anahitaji nini, na kama ni mkalimani wa lugha ya alama, atafutwe mapema. Kumwacha nje kwa jina la usalama si haki.

Kinachofanyika ndani ya kifaa chako hakiguswi. Picha ya bandia unayoweka nyuma yako na uchujaji wa kelele huendelea kama kawaida.

Utajuaje kwamba kufuli limefunga kweli? Tazama alama ya ngao ya kijani kwenye dirisha la mkutano. Ikiwa na alama ya vema katikati, huo ni usimbaji wa kawaida. Ikiwa na kufuli, ni wa mwisho hadi mwisho. Ukiibofya utapata msururu wa tarakimu. Mwenyeji auseme kwa sauti, kila mjumbe aulinganishe na wa kwake. Kama kuna aliyejipenyeza katikati na kugawa funguo zake, tarakimu hazitalingana. Mwenyeji akibadilika katikati ya kikao, zoezi lirudiwe, kwa kuwa msururu nao hubadilika.

Hata hivyo kampuni bado inaweza kujua nani aliingia, saa ngapi, kutoka anwani ipi ya mtandao, na alikaa muda gani. Wala usimbaji haumzuii mjumbe aliye ndani kuelekeza simu nyingine kwenye kioo na kurekodi kila kitu.