Tiketi Iliyorudi Nyuma Siku Moja: Kazi ya Kujaribu Tovuti kwa Malipo

Tuchukue tovuti ya kukata tiketi za mabasi. Abiria aliye Dar es Salaam anataka kwenda Mbeya tarehe 12 Machi. Anaigusa tarehe hiyo kwenye kalenda, anabonyeza kitufe cha Endelea, na ukurasa wa malipo unamwandikia 11 Machi. Asipotazama vizuri atalipa, na siku atakayofika stendi basi lake litakuwa limeshaondoka jana yake. Kuna watu wanaolipwa kuikuta hitilafu kama hii kabla abiria hajaikuta. Si lazima wawe wamesomea kompyuta chuoni, wala hawahitaji ofisi. Wanafanyia kazi nyumbani kwa simu zao na bando la intaneti.

Kampuni inayotaka tovuti yake ijaribiwe huwa haiwatafuti watu hao mmoja mmoja. Inapitia kwa wakala kama uTest, ambayo ilianzishwa mwaka 2007 na sasa iko chini ya Applause, au kwa Test IO au Testlio. Wakala ana orodha ya wajaribu wa nchi nyingi na anajua kila mmoja ana simu gani, anatumia kivinjari gani na yuko wapi. Anawaalika wanaofaa, anawapa maelekezo, na katika miradi mingi analipa kwa kila ripoti ya hitilafu iliyokubaliwa. Yaani mjaribu halipwi kwa kuona kosa. Analipwa kwa ripoti ambayo mtu wa mbali, asiyemjua, ataisoma na kuliona kosa lilelile kwa macho yake.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mgeni wa kazi hii akiiona ile tarehe imerudi nyuma ataandika: "Tarehe haifanyi kazi, tafadhali rekebisheni." Mtengenezaji aliye New York atafungua tovuti, atachagua tarehe 12, na ataona tarehe 12. Atajaribu tena, mambo yatakuwa yaleyale, kisha ataikataa ripoti kwa kuwa kwake kosa halipo. Mjaribu atanung'unika kwamba ameonewa, kumbe wote wawili wamesema kweli. Kosa lipo Dar es Salaam na halipo New York, na kazi ya mjaribu ilikuwa kuigundua tofauti hiyo kabla ya kutuma chochote.

Njia ya kuigundua ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwanza anarudia hatua zilezile mara kadhaa, ili ajue kama kosa linatokea kila mara au mara mojamoja. Kisha anafungua dirisha la faragha la kivinjari, maana huenda tovuti imehifadhi taarifa za zamani kwenye simu yake. Kosa bado lipo. Anatoka Chrome na kwenda Firefox, bado lipo. Anaazima simu ya aina nyingine, bado lipo. Anachagua tarehe 1 Machi, na tovuti inampeleka Februari. Sasa anajua kwamba kosa halitokani na simu, wala kivinjari, wala tarehe moja maalumu. Tarehe yoyote inapungua siku moja kamili, na kosa la namna hiyo linamfanya mjaribu mzoefu aelekeze macho kwenye majira ya saa.

Kwa hiyo anaingia kwenye mipangilio ya simu, anazima majira ya kujiweka yenyewe, na anachagua Accra, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa tatu. Anarudia hatua zote tangu mwanzo. Tarehe inabaki 12. Anarudisha Dar es Salaam, inakuwa 11. Hapo ameshalibana kosa mahali pake.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Kalenda ya tovuti inaichukua tarehe 12 kama saa sita kamili usiku, mwanzo wa siku hiyo, kwa majira ya simu. Programu ikitaka kuituma tarehe hiyo kwenye seva, inaigeuza kwanza iwe katika majira ya kimataifa yanayoitwa UTC. Saa sita usiku ya Afrika Mashariki, kwa UTC ni saa tatu usiku ya siku iliyotangulia. Programu ikikata saa na kubakiza tarehe tupu, siku moja imeshapotea. Mwenye kompyuta anaweza kuliona jambo hili kwa kuandika mistari miwili katika dirisha la amri la kivinjari:

```
var d = new Date(2025, 2, 12);   // 12 Machi
d.toISOString();
// "2025-03-11T21:00:00.000Z"
```

Walio New York wako nyuma ya UTC, kwa hiyo saa sita usiku yao inaangukia asubuhi ya tarehe ileile, nao hawaoni tatizo. Ndiyo maana mjaribu wa Nairobi, Mwanza au Kampala ana thamani kwa kampuni ya mbali. Majira yake, mtandao wake na simu anayoshika havimo katika ofisi ya mtengenezaji. Hata hivyo mjaribu hadaiwi kujua sababu ya ndani. Akiijua anaweza kuitaja kwa sentensi moja mwishoni, na asipoijua asibuni, kwa sababu dhana isiyo sahihi inampoteza mtengenezaji kwa saa nyingi.

Ripoti yenyewe sasa inaandikika. Kwa mawakala wa kimataifa kwa kawaida itatakiwa kwa Kiingereza, lakini umbo lake ni hili:

> Kichwa: Tiketi – tarehe ya safari inapungua siku 1 baada ya kubonyeza Endelea, simu ikiwa kwenye majira ya Afrika Mashariki (UTC+3)
>
> Mazingira: Simu ya Android 14, Chrome. Imerudiwa pia kwenye Firefox na kwenye simu ya pili. Majira: Dar es Salaam.
>
> Hatua:
> 1. Weka majira ya simu kuwa Dar es Salaam.
> 2. Fungua ukurasa wa mwanzo, chagua Dar es Salaam kwenda Mbeya.
> 3. Kwenye kalenda gusa 12 Machi.
> 4. Bonyeza Endelea.
> 5. Tazama tarehe ya safari kwenye ukurasa wa malipo.
>
> Kilichotarajiwa: Tarehe ya safari ni 12 Machi.
>
> Kilichotokea: Tarehe ya safari ni 11 Machi. Hutokea kila mara. Simu ikiwekwa majira ya Accra, tarehe inabaki 12 Machi.
>
> Kiambatisho: Video ya skrini, kuanzia hatua ya 1 hadi ya 5.

Kichwa kinastahili kuandikwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa msimamizi anaweza kuwa na ripoti nyingi mezani na ataanza kwa kusoma vichwa tu. Kichwa kizuri kinataja mahali, kinataja kilichoharibika, na kinataja hali inayolileta kosa. Neno kama "haraka sana" au "kosa kubwa" halimwambii kitu. Uzito wa kosa una sehemu yake kwenye fomu, nao unapimwa kwa madhara yatakayompata mtumiaji. Tarehe isiyo sahihi kwenye tiketi iliyolipiwa ni kosa zito, kwa sababu abiria anapoteza pesa na safari. Herufi iliyokosewa chini ya ukurasa ni kosa dogo, na anayelipandisha cheo ili alipwe zaidi huaminika kidogo katika miradi inayofuata.

Hatua nazo ziandikwe kwa mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti hiyo. Niliposoma ripoti za wanaoanza, pengo nililolikuta mara nyingi lilikuwa hatua ya kwanza: mwandishi anaanzia katikati kwa sababu yeye tayari ameingia kwenye akaunti, amechagua lugha au amewasha kitu fulani, na amesahau kulisema. Dawa ni kufunga kila kitu, kufungua upya, na kuzifuata hatua zako mwenyewe kama zilivyoandikwa, bila kuongeza hata moja ya kichwani. Video nayo iwe fupi, na kabla ya kurekodi zima arifa za simu, ili ujumbe wa ndugu au salio la pesa lisionekane na watu usiowajua.

Hata ripoti nzuri inaweza kukataliwa. Sababu ya kawaida ni kwamba mwingine ameshaituma, na kosa moja halilipwi mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuandika, pitia orodha ya makosa yaliyokwisha kuripotiwa katika mradi huo, na utafute kwa maneno zaidi ya moja: "tarehe", "kalenda", "siku". Sababu nyingine ni kujaribu kisichoombwa. Maelekezo yakisema kurasa za malipo tu, kosa la ukurasa wa habari halitahesabiwa hata likiwa la kweli.

Kujiunga na uTest ni bure, na kuna mafunzo ya mwanzo ya kusoma kabla ya kupata miradi ya malipo. Jaza wasifu wako kwa ukamilifu: kila simu, toleo la mfumo wake, kompyuta, lugha unazozijua. Mialiko inachujwa kwa taarifa hizo, na simu ya zamani uliyoiacha kabatini inaweza kuwa ndiyo inayotafutwa. Ripoti za mwanzo ndizo zinazojenga alama zako, na alama ndizo zinazoleta mialiko. Kwa kuwa kazi za wateja ni siri na huruhusiwi kuzionyesha nje, tengeneza mifano yako kwenye webcompat.com, ambako mtu yeyote anaweza kuripoti tovuti inayovurugika katika kivinjari fulani na ripoti hubaki wazi kwa wote kuisoma.

Malipo huja kwa njia kama PayPal au Payoneer. Wakenya wameweza kuhamisha pesa za PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018. Walio nchi nyingine wahakikishe kwanza kwamba akaunti yao inaweza kupokea pesa, si kutuma tu. Kipato hakina mpangilio wa mshahara: wiki moja ina miradi, nyingine haina, na kinachofaa ni kukichukulia kama nyongeza mpaka alama zitakapokupa mialiko ya kudumu.

Jihadhari na wanaotumia WhatsApp na Telegram kuahidi "kazi za kujaribu tovuti" kisha wanakutaka uweke pesa kwanza ili ufunguliwe kazi. Huo ni utapeli. Wakala wa kweli hakudai ada ya kujiunga, amana, wala namba ya siri.

Na ukitaka wateja wa karibu, kama hoteli, shule au duka la mtandaoni la mtaani kwako, pata ruhusa ya maandishi inayotaja kurasa utakazojaribu na siku utakazofanya hivyo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na zote zinamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Ukikutana na kosa katika matumizi ya kawaida, waandikie wenye tovuti ulichokiona na uishie hapo.