Mpaka au Kukataliwa: Kuusoma Ujumbe Mfupi wa Rafiki Aliyesema Hawezi

Mpaka na kukataliwa vyote viwili vinaweza kuanza na neno moja, "sitaweza", lakini havikatai kitu kimoja. Rafiki anayeweka mpaka anakataa ombi: siku ile, saa ile, aina ile ya shughuli, au kazi inayohitaji nguvu ambazo kwa sasa hana. Anayemkataa mwenzake anaukataa urafiki wenyewe, au anajitoa humo polepole. Wa kwanza angali anamtaka rafiki yake, ila hawezi kumpa alichoomba. Wa pili hata angeombwa kitu kidogo zaidi, au siku nyingine, asingekuja. Maishani tofauti hiyo ni kubwa, lakini katika ujumbe wa maneno manne au matano huweza kufichika kabisa, na mpokeaji akabaki kuibuni.

Kinachopotea ujumbe unapofupishwa

Watu wakiwa uso kwa uso, kukataa huwa na mzunguko wake. Anayekataa husita kidogo, huomba radhi, hutaja sababu, huapa kwamba angependa sana kuja, kisha humalizia kwa siku nyingine. Msikilizaji hulijua jibu kabla halijatamkwa, na ule mzunguko ndio unaomhakikishia kwamba bado anathaminiwa. Jibu lilelile likiandikwa kwa kidole gumba ndani ya daladala, mzunguko wote hukatwa na kinachobaki ni hapana peke yake. Aliyezoea kuupima urafiki kwa ule mzunguko huona kama amefungiwa mlango.

Sauti nayo haipo. Mwaka 2005 watafiti wa saikolojia wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walichapisha majaribio ambayo watu walitumiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kwa barua pepe au kwa sauti. Watumaji walitarajia kwamba nia yao ingetambuliwa kwa takriban asilimia 78. Kwa sauti ilitambuliwa kwa asilimia 73, lakini kwa maandishi ilikuwa asilimia 56, yaani juu kidogo tu ya kubahatisha. Mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, kwa hiyo hahisi kwamba haikusafiri na maneno. Msomaji naye huijaza nafasi hiyo kwa sauti anayoitarajia au anayoiogopa.

Hata alama ndogo huweza kubebeshwa uzito. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, wakiongozwa na Celia Klin, walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma majibu ya neno moja katika ujumbe wa simu waliyaona yaliyomalizwa kwa nukta kuwa hayana dhati sana kuliko yasiyo na nukta. Majibu hayohayo yakiandikwa kwa mkono, tofauti hiyo haikuonekana. Hiyo inahusu masikio ya msomaji kuliko moyo wa mwandishi: mtu aliyefundishwa kuweka nukta kila mwisho wa sentensi ataiweka hata anapomwandikia mtu ampendaye. Kwa hiyo nukta, kukosekana kwa picha ya tabasamu au alama mbili za buluu zilizokaa saa kadhaa bila jibu ni ushahidi tu pale zinapotofautiana na desturi ya rafiki huyo mwenyewe.

Maneno yenyewe yanakataa nini

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika kile kilichotajwa. Mpaka huwa na ukingo unaoonekana: "Jumapili sitoki", "usiku sipokei simu", "mikutano ya watu wengi siiwezi sasa". Nje ya ukingo huo bado kuna nafasi, hata kama haikutajwa. Tena kwa kawaida mpaka humzungumzia anayeuweka, yaani uchovu wake, ratiba yake au afya yake. Kukataliwa huelekea kumzungumzia mwombaji, kama katika "wewe kila siku una shida", au huwa hakuna ukingo wowote, kama katika "mimi na mambo hayo basi tena".

Dalili moja hudanganya sana, nayo ni ahadi isiyo na siku. "Tutaona", "nitakucheki" na "Inshallah" huweza kuwa nia ya kweli, na huweza pia kuwa njia ya adabu ya kumaliza mazungumzo. Mwaka 2023 Julian Givi na Colleen Kirk walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanaokataa mialiko hudhani waalikaji wataumia na kukasirika kuliko wanavyoumia kweli. Hofu hiyo huwafanya wengi wajifiche nyuma ya maneno yasiyo na mwisho. Ndiyo maana ujumbe mkavu unaotaja ukingo, kama "Jumamosi hapana", mara nyingi hubeba uaminifu mwingi kuliko ujumbe mtamu usiotaja chochote.

"Sina muda" nayo inahitaji uangalifu. Utafiti wa Grant Donnelly na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba anayekataa kwa kisingizio cha muda huaminiwa kidogo kuliko anayetaja ukosefu wa pesa, kwa sababu watu huamini kwamba muda uko mikononi mwa mwenyewe. Msikilizaji husikia kwamba amepangwa nyuma ya wengine. Lakini mara nyingi "sina muda" husimama mahali pa "sina hela". Matembezi ni nauli, chakula, pengine na mchango wa shughuli, na si kila mtu yuko tayari kuandika kwamba mfuko umekauka.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam anamwandikia rafiki yake, ambaye ni nesi, Alhamisi jioni: "Shosti, Jumamosi nisindikize Kariakoo nikachague vitambaa vya sare ya harusi ya mdogo wangu. Tukimaliza tule, tupige stori." Jibu linafika kesho yake saa saba mchana: "Sitaweza. Wikiendi siku hizi napumzika."

Usomaji wa kwanza unauma. Hakuna "shosti", hakuna samahani, hakuna pongezi za harusi, na jibu limechelewa. Usomaji wa pili huanza na yanayojulikana tayari. Nesi yuko zamu ya usiku wiki hiyo, kwa hiyo saa saba mchana ndiyo saa anayoamka. Kuchelewa hakusemi lolote. Ujumbe wake kwa kawaida ni mfupi hata anapokuwa na furaha, kwa hiyo ufupi pia hausemi kitu. Kinachobaki ni maneno yenyewe, nayo yamekataa wikiendi. Hayakukataa siku za katikati ya wiki, hayakukataa simu wala harusi. "Siku hizi" inaonyesha kwamba ni utaratibu uliowekwa kabla ya ombi hilo, na "napumzika" inamzungumzia nesi mwenyewe.

Kuna pia kilichokosekana: hakutaja siku nyingine. Hilo linamzuia mwalimu asijipe uhakika. Jibu linaegemea upande wa mpaka, lakini halijathibitika, na ujumbe huo hata ukisomwa mara kumi hautatoa zaidi ya hapo.

Linaloweza kutoa zaidi ni jibu la mwalimu. Anaandika: "Sawa shosti, pumzika. Nikifika dukani nitakutumia picha unisaidie kuchagua. Siku ya kazi ukipata nafasi, nitafurahi tukionana." Jibu hilo limeukubali mpaka bila kudai sababu. Limeomba kitu kidogo kilicho nje ya mpaka. Tena limemwachia nesi achague siku bila kumbana. Kama ni mpaka, rafiki ana pa kupitia. Kama ni kukataliwa, hatapita hapo pia.

Jumamosi jioni nesi anajibu picha: "Ule wa kijani umekaa vizuri, ila uliza bei ya jora zima." Wiki mbili baadaye, Jumatano, anauliza mwenyewe kama mwalimu ametoka shule. Hapo mpaka umejidhihirisha: wikiendi ilikuwa imefungwa, urafiki haukufungwa. Picha zingekaa bila jibu, na wiki zikapita bila neno, mwalimu angekuwa na sababu ya kuanza kufikiria vingine.

Majibu yanayoharibu kipimo hiki yanajulikana: "Kwani nimekukosea nini?", "Haya, wakubwa nyie", au "Saa moja tu jamani". Kila moja huugeuza mpaka kuwa mabishano. Rafiki akinyamaza baada ya hapo, haijulikani tena kama ameuchoka urafiki au ameukimbia msukumo huo.

Inapokuwa kukataliwa kweli

Kukataliwa huonekana kwa mfululizo, si kwa ujumbe mmoja. Maombi ya kila aina hukataliwa, hata yale yasiyohitaji muda wala pesa. Rafiki haanzi mazungumzo tena, hujibu maswali lakini haulizi, na hurudia ahadi zisizo na tarehe miezi ikapita. Utaratibu wake pia hauwahusu wengine: wikiendi "zilizofungwa" hufunguliwa kwa marafiki wengine mara kwa mara. Tukio moja halitoshi kwa hilo, kwani msiba au harusi ya ndugu humtoa nyumbani hata aliyechoka. Ni jambo linapojirudia ndipo huwa na maana.

Ujumbe mmoja tu hauhitaji mfululizo, nao ni ule unaosema waziwazi "naomba usinitafute". Huo ni mpaka unaozunguka uhusiano mzima. Haupimwi kwa ombi dogo, hutekelezwa ulivyo.

Kuna hali mbili ambazo huvuruga usomaji huu. Ya kwanza ni ya rafiki aliyejitenga na watu wote kwa sababu ya sonona, madeni au huzuni ya msiba. Ukimya wake hufanana kabisa na kukataliwa, ila humgusa kila mtu, na ndugu au marafiki wa karibu huweza kuthibitisha hilo. Ya pili iko kwa msomaji. Mwaka 1996 Geraldine Downey na Scott Feldman walieleza tabia ya baadhi ya watu kutarajia kukataliwa kwa wasiwasi, kukuona upesi na kukupokea kwa ukali, mara nyingi baada ya kukataliwa huko nyuma. Mtu wa namna hiyo hufaidika akitenganisha kilichoandikwa na alichokihisi, na akiacha saa kadhaa zipite kabla ya kujibu.

Shaka ikidumu, njia iliyobaki ni kuuliza mara moja, kwa sauti, nje ya ombi lolote: "Naona siku hizi hatuonani. Kama nimekukosea niambie, na kama ni uchovu naelewa." Aliyeweka mpaka huwa na la kueleza, na mara nyingi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikwepa swali lililoulizwa kwa upole hivyo, na asirudi kulijibu baadaye, hapo jibu limepatikana, na hakuna ujumbe mwingine unaohitaji kufasiriwa.