"Akila Anaweza Kufa": Kutafsiri Ujumbe wa Mzio wa Chakula

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia neno moja lililokaribia kuondoa uhai wa mtoto hapa kwetu Nakivale. Neno hilo ni mzio.

Jirani yangu, mama mmoja kutoka Kivu, ana mtoto wa miaka sita ambaye mwili wake haukubali karanga. Siku moja walialikwa kwenye sherehe kwa familia ya Waganda, wenyeji wetu. Mama hajui lugha yao, kwa hiyo alimtuma kijana aende mapema kwa mpishi. Alimwambia: "Mwambie mtoto wangu ana mzio wa karanga." Kijana alifika, akasema kwamba karanga ni omuziro wa mtoto.

Sikiliza vizuri hapo. Mzio na omuziro ni maneno ya ukoo mmoja. Lakini katika Luganda na Runyankore, omuziro ni kitu ambacho watu wa ukoo fulani hawali kwa sababu ya desturi, mara nyingi mnyama au mmea. Hata Kiswahili cha zamani kilitumia mzio kwa maana ya mwiko. Kwa hiyo mpishi alisikia jambo la heshima, hakusikia jambo la hatari. Na aliheshimu kweli! Mtoto hakupewa mchuzi wa karanga. Alipewa maharage. Lakini maharage yale yalikorogwa kwa mwiko uliotoka kwenye sufuria ya karanga.

Baada ya dakika chache midomo ilivimba, ngozi ikatoka vipele, mtoto akatapika, kisha akaanza kupumua kwa kukoroma. Walimkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda, akachomwa sindano ya adrenalini kwenye paja, akapona. Mpishi alilia. Hakuwa na nia mbaya. Ujumbe uliomfikia haukuwa ule uliotoka kwa mama.

Kwa hiyo, wewe unayetuma ujumbe, au wewe kijana unayetumwa kutafsiri, usianze na jina la ugonjwa. Anza na kinachotokea. Ukisema "hali karanga", watasikia kwamba hazipendi. Ukisema "karanga zinamsumbua", watafikiri ni tumbo la kuunguruma. Sema hivi: "Akila karanga, hata kidogo sana, koo linavimba, anashindwa kupumua, anaweza kufa." Kila lugha ina neno la koo, neno la kupumua na neno la kufa. Na wewe mtafsiri, usilipunguze neno kufa kwa sababu ya adabu. Najua kwetu si vizuri kutaja kifo mbele ya chakula cha mwenyeji. Omba radhi kwanza, kisha litaje.

Jambo la pili ni jina la chakula chenyewe. Karanga kwa Luganda ni ebinyeebwa. Kwa Runyankore ni ebinyobwa. Kwa Kinyarwanda ni ubunyobwa. Kwa Lingala ni nguba. Ndugu zetu waliotoka Kenya wanaita njugu. Na sisi Wakongo tuna mtego wetu: kwetu kukaranga ni kupika kwa mafuta. Ukimwambia mpishi Mkongo haraka haraka, "Usimpe vya karanga," anaweza kuelewa usimpe vya kukaranga, akaondoa samaki wa mafuta na kuacha sombe. Na sombe ndiyo yenye karanga za kutwanga!

Kwa hiyo usiishie kwenye neno moja. Taja vyakula ambavyo karanga hujificha ndani yake: mchuzi wa karanga, sombe na mboga nyingine za majani zilizotiwa karanga za kutwanga, uji uliochanganywa na unga wa karanga, siagi ya karanga, na simsim iliyosagwa pamoja na karanga. Ukiweza, chora karanga yenye ganda lake juu ya karatasi, halafu uipige msalaba. Picha haihitaji mtafsiri.

Jambo la tatu ni kile kinachogusa chakula. Wengi wetu tunafikiri ukizitoa karanga kwenye sahani, hatari imeisha. Haijaisha. Mabaki kwenye mwiko, kinu, sufuria au mafuta yaliyotumika yanatosha. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi hatari.

Ujumbe ambao mama yule anatumia sasa ni huu. Unaweza kuunakili na kubadilisha jina la chakula:

"Samahani, ni jambo la uhai. Mtoto huyu akila karanga, hata kidogo sana, koo linavimba, anashindwa kupumua, anaweza kufa. Si desturi, wala si kuchagua chakula. Usimpe karanga nzima, za kusaga wala za kutwanga. Usimpe mchuzi wala mboga yenye karanga. Chakula chake kipikwe kwa sufuria na mwiko ulioosha kwa sabuni, na kipakuliwe kabla ya vingine. Kama huna hakika, usimpe kitu. Nimemletea chakula chake."

Ona kwamba sentensi ni fupi. Mtafsiri aseme moja, asubiri, aseme nyingine. Ukimpa maneno mengi kwa pamoja, atabeba la kwanza na la mwisho, na ya katikati yatabaki njiani. Ona pia sentensi ya mwisho. Inampa mwenyeji njia ya kusema "sina hakika" bila kuona aibu kwamba mgeni atalala njaa.

Sasa utajuaje kwamba ujumbe umefika? Usiulize, "Umeelewa?" Mtu yeyote atajibu ndiyo. Uliza, "Utampikia nini, na utatumia mwiko upi?" Kisha mtafsiri akurudishie jibu lote kwa lugha yako. Jirani yangu alipofanya hivyo mara ya pili, kwenye mgahawa, mpishi alijibu: "Nitampa mboga, nitaziondoa karanga." Hapo hapo alijua ujumbe haujafika, akarudia. Ongea na yule anayepika, si yule anayepokea pesa tu. Na usimwachie mtoto mwenyewe kazi ya kutafsiri.

Neno moja kwa wazazi wenye watoto kwenye mpango wa lishe. Plumpy'Nut, ile pakiti inayopewa watoto wenye utapiamlo, imetengenezwa kwa karanga na maziwa. Mwambie mhudumu kabla mtoto hajaionja. Usiitupe kimya kimya nyumbani, kwa sababu mtoto bado anahitaji matibabu, na mhudumu lazima ajue ili atafute njia nyingine.

Na ikitokea bahati mbaya, ukiona uso unavimba, sauti inabadilika au pumzi inakuwa nzito baada ya kula, usingoje. Mlaze chini, miguu juu. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Asisimame wala kutembea. Mbebe mpeleke kituo cha afya, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Amekula karanga, hapumui vizuri." Dawa ya vidonge ya kuwasha haifungui koo. Kinachosaidia ni sindano ile ya adrenalini.

Leo, kabla hujalala, mtafute jirani anayejua lugha ya wenyeji, muandike ujumbe wako pamoja. Uweke pale unapoweka kadi ya chakula.

(Muziki unapanda.)