Mali Imeshapokelewa, Hela Bado

Mwenye duka la shajala mjini Dodoma anapoamua kuuzia ofisi za serikali, jambo la kwanza analoulizia ni namna ya kujisajili. Ni swali la halali, na jibu lake siku hizi ni fupi kuliko zamani. Swali ambalo wengi hawaulizi mpaka wameshaumia ni hili: nikishapeleka mzigo, duka langu litaishi miezi mingapi bila ile hela?

Tuanze na usajili. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma Tanzania Bara umehamia kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo ikauwekea mfumo huo nguvu, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Anayetaka kuwa mzabuni hufungua akaunti kwenye nest.go.tz akiwa na namba ya TIN, usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, na leseni ya biashara. Leseni za halmashauri nazo huombwa mtandaoni, kupitia mfumo wa TAUSI. Baada ya hapo unajaza taarifa zako: anwani, akaunti ya benki, uzoefu, uwezo wa kifedha, kisha unachagua aina ya shughuli unazotaka kuzabuni.

Hapo kwenye aina ya shughuli ndipo watu wanapojikwaa. Leseni yako ikisema unauza shajala, usitegemee kuruhusiwa kuzabuni kazi ya kukarabati viyoyozi kwa sababu tu una fundi unayemfahamu. Chagua kile ambacho leseni inakibeba, na ukitaka zaidi, anza kwa kuongeza leseni.

Jikwao la pili ni majina. Kwenye TIN umeandikwa majina matatu, kwenye leseni mawili, na akaunti ya benki ina jina la duka. Usajili unaweza kupita hivyohivyo, lakini siku ya malipo hela inagoma kuingia na wewe unaanza upya safari za dirishani. Linganisha herufi kwa herufi kabla hujajaza chochote.

La tatu nalisema kwa sababu ni la kawaida mno mitaani kwetu. Kijana wa steshenari anakusajilia kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, nawe unaondoka ukiwa na karatasi mkononi. Taarifa za zabuni, mialiko na barua ya tuzo zote zitakwenda kwake. Msaada wa kujaza chukua, ila barua pepe, simu na nywila viwe vyako. Na malipo yoyote ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayetaka umtumie kwenye simu yake ili "akusukumie" ni kishoka tu.

Wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu walio kwenye vikundi vilivyosajiliwa wana mlango wao. Taasisi za serikali zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi hayo. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kwa biashara ya kusubiri malipo, mkopo usio na riba ni jambo kubwa, kama hesabu itakavyoonyesha.

Sasa tumchukue huyo mwenye duka wa Dodoma. Tarakimu ni za mfano, lakini maduka ya namna hii yako mengi. Mtaji wake ni shilingi milioni 14: milioni 10 ziko kwenye rafu, milioni 4 ziko benki. Kila mwezi duka humwachia faida ya mauzo ya 1,500,000. Kodi ya pango, mshahara wa msaidizi na matumizi ya nyumbani vinakula 1,200,000, kwa hiyo inabaki 300,000.

Anashinda zabuni ya karatasi, mafaili na wino wa printa ya shilingi 12,000,000. Kununua mzigo Kariakoo na kuusafirisha mpaka kwenye stoo ya ofisi kunamgharimu 9,900,000. Faida ni 2,100,000, na kwa macho hiyo ni faida nono.

Tatizo ni kwamba milioni 9.9 hana. Ana 4 za benki. Akisema atapunguza kununua mali ya dukani ili apate nyingine, rafu zinabaki wazi, mteja wa kila siku anahamia duka la jirani, na ile 1,500,000 ya kila mwezi inashuka kabla ofisi haijalipa hata senti. Basi anakopa milioni 6 kwa miezi sita, riba ya asilimia 3 kwa mwezi isiyopungua. Anapiga hesabu ya riba: 180,000 kwa mwezi. Duka linabakiza 300,000. Anaona amepita salama.

Hajapita. Mkopeshaji hataki riba peke yake, anataka na mtaji wake urudi. Milioni 6 kugawa kwa miezi sita ni milioni moja, jumlisha riba, rejesho ni 1,180,000 kila mwezi. Duka lina 300,000. Pengo ni 880,000 kila mwezi, na linaanza mwezi wa kwanza, wakati hati zake bado zinazunguka mezani. Likifika rejesho la tatu amekwisha kuhitaji 2,640,000 ambazo hazina zinapotoka. Ofisi ikilipa mwezi wa tano, faida kwenye karatasi bado ipo, lakini yeye alishauza friji, au alishakopa kwingine kulipa huku. Riba kubwa inaumiza, ni kweli, lakini wazabuni wadogo wengi huanguka kwa sababu tarehe za rejesho hazifanani na tarehe za malipo.

Dawa yake inaanzia kabla ya kujaza bei. Zabuni nyingi hugawanywa kwa loti, na mkataba unaweza kuruhusu mzigo kupelekwa kwa awamu, kila awamu na ankara yake. Milioni 12 zikikatwa mara tatu, kila awamu inamgharimu kama 3,300,000, ambazo anazo benki bila kumgusa mkopeshaji. Awamu ya pili inasubiri ya kwanza ilipwe. Faida itakuja polepole, na nauli itapanda kidogo, lakini duka litabaki limejaa. Ikiwa ofisi inataka mzigo wote kwa mpigo, aitafute benki inayokopesha kwa dhamana ya LPO na aulize jambo moja mahususi: je, mtaji unarudishwa siku ofisi inapolipa, au kila mwezi? Kama jibu ni kila mwezi, hesabu ya 880,000 iko palepale.

Kishawishi kingine ni kupandisha bei ili ibebe ucheleweshaji. Kidogo inawezekana, na mfanyabiashara mwenye akili huweka gharama ya kusubiri ndani ya bei yake. Lakini afisa ununuzi anaijua bei ya soko, na washindani wako wamo humohumo kwenye mfumo. Nafasi ya kupandisha ni nyembamba.

Kwa nini malipo yanachelewa? Wengi humlaumu mhasibu, na mara nyingine anastahili. Ila kuna tofauti ambayo mzabuni lazima aielewe: fedha kuwemo kwenye bajeti si sawa na fedha kuwemo kwenye akaunti. LPO ikitoka kwenye mfumo wa malipo wa serikali, MUSE, maana yake matumizi hayo yamefungiwa kwenye kasma fulani. Ni hatua nzuri. Lakini fedha yenyewe huenda bado haijatolewa na Hazina, au, kama ni halmashauri inayotumia mapato ya ndani, ushuru wa mazao bado haujakusanywa. Kwa hiyo uliza mapema: mnanunua kwa kasma ipi, fedha ya Hazina, ya mapato ya ndani au ya mradi? Kisha waulize wazabuni wenzako, ofisi hii huchukua muda gani kulipa. Taarifa za kila mwaka za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo huanika madeni ya wazabuni. Kama wenzako wanasema miezi minne, panga mitano.

Mwezi nao una uzito. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. LPO ya Septemba ina miezi mingi mbele yake. LPO ya mwisho wa Mei inakimbizana na mlango unaofungwa. Usipolipwa kabla ya mwaka kufungwa, dai lako linaweza kugeuka deni la mwaka uliopita, linalohitaji kuhakikiwa na wakaguzi kabla ya kutafutiwa fedha upya. Na msimu huohuo ndipo utapigiwa simu: "Lete mzigo kwanza, karatasi zitafuata." Usipeleke. Mzigo usio na LPO hauna kasma, na aliyekupigia simu anaweza kuhamishwa kituo wiki ijayo.

Ukishapeleka, kazi yako ni kuhakikisha hati hazina tundu la kurudishiwa. Mzigo hupokelewa na kukaguliwa, na hati ya makabidhiano isainiwe na kugongwa muhuri siku hiyohiyo, nawe ubaki na nakala. Kama LPO inasema karatasi za gramu 80, ukapeleka za 75, kamati ya mapokezi ina haki ya kuzikataa. Ankara iwe na namba ya LPO, kiasi kilekile, akaunti ileile. Baada ya hapo huandaliwa hati ya malipo, hukaguliwa na kuidhinishwa. Ukienda kufuatilia, usiulize "nitalipwa lini", kwa sababu jibu ni "wiki ijayo" daima. Uliza hati yako iko meza ya nani na inasubiri nini. Ikiwa inasubiri saini, fuatilia. Ikiwa inasubiri fedha, kuketi kwenye benchi la mapokezi hakutaileta, rudi dukani ukauze.

Siku hela inapoingia, haitakuwa milioni 12 kamili. Serikali hukata kodi ya zuio ya asilimia 2 kwa bidhaa, yaani 240,000, na benki itaonyesha 11,760,000. Fedha hiyo haijapotea: dai cheti chake, kwa kuwa kinapunguza kodi ya mapato utakayodaiwa. Aliyesajiliwa VAT ana mtihani wa ziada, kwani ritani ya mwezi huwasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mauzo yaliyokwisha kutolewa ankara huhesabiwa hata kama ofisi haijalipa. Yeye hana budi kutenga fedha ya VAT kwenye mpango wake tangu siku ya kwanza, pembeni na ile ya kununulia mzigo.