Kunakili kwa Ajili ya Masomo: Sheria Inaruhusu Nini, na Inaishia Wapi

Mwalimu anayepeleka kitabu kwenye mashine ya fotokopi, na mwanafunzi anayepiga picha kurasa za kitabu cha maktaba kwa simu yake, huwa na swali moja: je, hili linaruhusiwa? Majibu wanayoyapata kwa kawaida ni mawili, na yote mawili hayatoshi. La kwanza husema kwamba kwa ajili ya elimu kila kitu kinaruhusiwa. La pili husema kwamba kunakili hata ukurasa mmoja ni wizi. Makala haya yanaeleza jinsi sheria ya Kenya inavyolijibu swali hilo, kisha yanapima mfano mmoja wa darasani hatua kwa hatua.

Haki ya mwandishi na mipaka yake

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2019, humpa mwenye kazi haki ya kudhibiti kunakiliwa, kutafsiriwa na kusambazwa kwa kazi yake. Haki hiyo huihusu kazi nzima au sehemu yake kubwa. Neno «kubwa» hapa halipimwi kwa idadi ya kurasa peke yake. Beti mbili zilizobeba kiini cha shairi fupi zaweza kuwa sehemu kubwa, ilhali kurasa mbili za maelezo ya kawaida katika kitabu kinene zaweza zisiwe.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, wala hailindi fikra yenyewe. Mwalimu akisoma sura ya kitabu, akaielewa, kisha akaandika maelezo yake mwenyewe ubaoni, hajanakili kitu na hahitaji ruhusa ya mtu.

Haki ya mwandishi ina muda pia. Nchini Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962; kwa hesabu hiyo, muda wa ulinzi wa kazi zake ulikwisha nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2012. Hata hivyo, utangulizi, tafsiri au maelezo mapya yaliyoongezwa na mtu mwingine katika toleo la karibuni huwa na hakimiliki yake. Angalia umenakili maneno ya nani.

Milango miwili ya matumizi ya haki

Kwa kazi ambazo bado zinalindwa, sheria imetaja matumizi yasiyohitaji ruhusa wala malipo. Yale yanayojulikana kama matumizi ya haki yana milango miwili, na ni lazima upite katika yote miwili.

Mlango wa kwanza ni madhumuni. Sheria ya Kenya inataja madhumuni hayo kwa majina: utafiti wa kisayansi, matumizi ya kibinafsi, uhakiki au mapitio ya kazi, na utoaji wa habari za matukio ya wakati huo. Matumizi yasiyoingia katika mojawapo ya madhumuni hayo hayapiti, hata yakiwa madogo na yenye nia njema. Pamoja na hayo, chanzo lazima kitajwe.

Mlango wa pili ni uadilifu wa matumizi yenyewe. Hapa sheria haikuweka namba. Mahakama huangalia umechukua kiasi gani ukilinganisha na haja yako, nakala ni ngapi na zinakwenda kwa nani, kama kulikuwa na njia nyingine ya kulitimiza lengo lako, na kama nakala zako zinachukua nafasi ya kitabu sokoni. Swali hili la mwisho ndilo linaloangusha utetezi mwingi: je, kuna mtu ambaye angenunua kitabu lakini sasa hatanunua kwa sababu ya nakala uliyotoa?

Wengi wamesikia kwamba asilimia 10 ya kitabu, au sura moja, ni halali daima. Kipimo cha namna hiyo kimo katika sheria ya Australia. Sheria ya Kenya haina kipimo hicho, na anayekitegemea hapa anategemea sheria ya nchi nyingine.

Vivyo hivyo, mengi yanayosomwa mtandaoni kuhusu matumizi ya haki yanatoka Marekani. Huko, sheria ya mwaka 1976 haina orodha iliyofungwa ya madhumuni. Mahakama hupima mambo manne: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Tena sheria hiyo inataja ufundishaji waziwazi, zikiwemo nakala nyingi za kutumiwa darasani, kuwa miongoni mwa mifano ya matumizi yanayoweza kuwa ya haki. Orodha ya Kenya ya matumizi ya haki haitaji ufundishaji. Kwa hiyo mwalimu wa Kenya asitegemee maelezo ya Kimarekani. Atafute kinga yake katika vifungu vingine ambavyo sheria yetu imewawekea walimu.

Vifungu vya shule

Viwili kati ya vifungu hivyo vinawahusu walimu wengi. Cha kwanza kinaruhusu mtu mmoja kusoma au kukariri hadharani dondoo la kiasi kutoka katika kazi ya fasihi iliyochapishwa, maadamu mwandishi anatajwa ipasavyo. Cha pili kinaruhusu kuingiza vifungu vifupi visivyozidi viwili vya kazi moja katika mkusanyo ulioandaliwa kutumiwa shuleni au chuo kikuu, iwapo jina la kazi na la mwandishi yametajwa. Hapa, kwa mara moja, sheria imetaja namba: viwili, tena vifupi.

Mfano wa darasa moja

Tuchukue mwalimu wa fasihi mwenye wanafunzi 48 wa Kidato cha Tatu. Anafundisha riwaya ya kurasa 160 ya mwandishi aliye hai. Riwaya hiyo inapatikana madukani, na tuseme bei yake ni shilingi 600.

Siku ya kwanza anasimama mbele ya darasa na kusoma kurasa tatu kwa sauti, baada ya kutaja jina la riwaya na la mwandishi. Kifungu cha usomaji kinamkinga.

Wiki ya pili anaandaa kijitabu cha mazoezi chenye vifungu kutoka riwaya kadhaa. Kutoka riwaya hii anachukua kifungu cha nusu ukurasa kinachomsawiri mhusika mkuu, na kingine cha ukurasa mmoja chenye majibizano. Chini ya kila kifungu anaandika jina la riwaya na la mwandishi. Yuko ndani ya sheria. Akiongeza kifungu cha tatu kutoka riwaya hiyo hiyo, amevuka mpaka, hata kama kina mistari mitano tu. Vilevile, akichukua vifungu viwili lakini kila kimoja kikawa sura nzima, ametimiza idadi lakini hakutimiza sharti la ufupi.

Wiki ya tatu mwanafunzi wake mmoja anakwenda maktaba na kutoa fotokopi ya kurasa sita ili aandike insha ya uhakiki nyumbani. Ni nakala moja, ya mtu mmoja, kwa haja yake. Hayo ni matumizi ya kibinafsi, na kiasi hicho kinaendana na kazi aliyopewa. Atakaponukuu mistari kadhaa katika insha yake na kuijadili, atakuwa pia ndani ya uhakiki. Ataje chanzo.

Wiki ya nne mwanafunzi mwingine anapiga picha kurasa zote 160 na kuzituma katika kundi la WhatsApp la darasa. Hata akisema kwamba kila mpokeaji ataisoma riwaya kibinafsi, yeye aliyetuma hakuwa akijitumikia mwenyewe: amesambaza kazi nzima kwa watu 47. Kila nakala imechukua nafasi ya kitabu cha shilingi 600, na jumla yake ni shilingi 28,200 za mauzo yaliyo hatarini kupotea katika darasa moja. Kuandika jina la mwandishi juu ya picha hakubadilishi chochote. Kutaja chanzo ni sharti la matumizi ambayo tayari ni ya haki. Hakugeuzi yasiyo ya haki yakawa ya haki.

Linabaki jambo moja lenye utata. Mwalimu anataka kutoa fotokopi ya kurasa nne za riwaya, peke yake bila mkusanyo wowote, na kumpa kila mwanafunzi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu Zaidi ya Kanada ilikubali kwamba mwalimu anayewanakilia wanafunzi dondoo fupi anaweza kuwa anatekeleza haja yao ya kusoma, na kwamba kufanya hivyo kwaweza kuwa matumizi ya haki. Uamuzi huo unaweza kutajwa mbele ya mahakama ya Kenya, lakini hauifungi. Mwalimu anayetaka kuwa salama ana njia tatu: kupunguza dondoo liwe fupi na kuliweka katika mkusanyo wa darasa, kuwaachia wanafunzi nakala za maktaba wanakili wanachohitaji, au kupata leseni.

Vitabu vya mazoezi na duka la fotokopi

Tahadhari kubwa zaidi inahitajika kwa vitabu vya marudio na vya mazoezi. Soko la vitabu hivyo ni wanafunzi wenyewe, na hutumiwa vikaisha. Shule inaponunua nakala moja na kuirudufu kwa madarasa yote, hakuna anayebaki wa kununua. Ni vigumu sana kuyatetea matumizi ya namna hiyo kuwa ya haki.

Mwenye duka la fotokopi naye ajue tofauti kati ya kumnakilia mteja kurasa chache alizozileta mwenyewe, na kuweka rafuni nakala za vitabu vizima tayari kuuzwa. Ya pili ni biashara ya nakala haramu. Mnunuzi ataitambua nakala hiyo kwa jalada la karatasi ya kawaida, maandishi yaliyofifia pembezoni, kurasa zilizokaa mshazari, na bei iliyo chini mno ya ile ya dukani.

Ukihitaji zaidi ya kinachoruhusiwa

Omba ruhusa kwa mchapishaji. Anwani yake huwa katika ukurasa unaofuata ule wa jina la kitabu. Andika jina la kitabu, kurasa unazohitaji, idadi ya nakala, darasa na muda wa matumizi, na uhifadhi jibu kwa maandishi. Shule inayonakili mara kwa mara inaweza kupata leseni ya jumla kutoka kwa chama cha usimamizi wa pamoja wa haki za kurudufu. Kabla ya kulipa, uliza Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni chama kipi kina leseni halali kwa mwaka huo, na udai stakabadhi. Kimya cha mchapishaji si ruhusa: usipojibiwa, rudi katika vifungu viwili vifupi.