Chokoleti Inayong'aa na Kukatika kwa Mlio

Watu wengi wameyeyusha chokoleti nyeusi jikoni, wakaimwaga kwenye vikombe vya barafu na kuiacha igande. Ilipotoka ilikuwa imefifia, laini kama nta, nayo ikashika vidole mara tu ilipoguswa. Chokoleti haina kosa, wala haikupikwa kupita kiasi. Kilichoharibika ni mpangilio wa mafuta yake.

Mafuta hayo ni siagi ya kakao, nayo inaweza kuganda kwa namna sita tofauti, kila moja ikiwa na fuwele zake. Aina nne za mwanzo ni dhaifu: huyeyuka chini ya nyuzi 30, na ndizo zinazotawala chokoleti ikiachwa ijigandie yenyewe. Tunayoitaka ni aina ya tano. Hiyo huyeyuka karibu na nyuzi 34, kwa hiyo chokoleti hustahimili vidole lakini huyeyuka mdomoni. Fuwele zake hubanana kama matofali yaliyopangwa na fundi hodari. Mpangilio huo ndio unaoleta mng'ao na ule mlio wa "tak" kipande kinapovunjwa, tena huifanya chokoleti isinyae kidogo na kuachia kikombe bila kulazimishwa.

Njia rahisi nyumbani ni kuipa chokoleti mbegu. Chukua gramu 300 za chokoleti nyeusi yenye siagi halisi ya kakao. Soma karatasi yake, maana ile iliyotiwa mafuta ya mawese badala yake hugandia tu, haihitaji kazi hii. Katakata gramu 200 uziweke kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, bakuli lisiguse maji. Gramu 100 zilizobaki zikate ndogo zaidi, uziweke kando. Koroga mpaka kipimajoto kisome kati ya 45 na 50. Hapo fuwele zote za zamani zimekwisha. Epua bakuli na ulifute chini mara moja, kwa sababu tone moja la maji likiingia chokoleti hukazana na kuwa uji mzito usiomwagika.

Sasa tia zile mbegu, konzi kwa konzi, huku ukikoroga bila kusita. Vipande hivi bado vina fuwele za aina ya tano. Mwanzoni vitayeyuka tu na kupoza mchanganyiko. Joto likishashuka chini ya 34, fuwele zao hubaki hai na kuwafundisha mafuta mengine jinsi ya kujipanga. Endelea mpaka nyuzi 32 au 31, kisha toa vipande vilivyobaki. Chokoleti ya maziwa inataka nyuzi mbili pungufu.

Kabla ya kumwaga, chovya ncha ya kisu na ukiache mezani. Katika chumba chenye nyuzi 20 hivi, chokoleti iliyo tayari hugandia kwenye kisu ndani ya dakika tano, ikiwa laini na yenye mng'ao. Ikibaki majimaji au ikitoka na michirizi, ongeza mbegu, koroga tena na upime upya. Ikipanda juu ya 34 mbegu zimekufa, anza tena kutoka 45.

Dar es Salaam na Mombasa taabu kubwa ni hewa. Chumba chenye nyuzi 30 hakigandishi chokoleti ya nyuzi 31. Fanya kazi alfajiri au penye kiyoyozi, na ukishamwaga tia kwenye friji kwa dakika 10 hadi 15 tu. Ikikaa muda mrefu na kutolewa kwenye joto, umande huishukia.

Hapo ndipo inafaa kujua ukungu mweupe unaoonekana juu ya chokoleti ya dukani, kwani ni wa aina mbili. Ukungu wa mafuta huwa wa kijivu, wa michirizi au mabaka, na ukiupapasa kwa kidole huteleza na kutoweka, kwa sababu ni siagi iliyopanda juu. Mara nyingi chanzo ni chokoleti kuyeyuka kwenye gari au rafu yenye jua na kuganda tena ovyo. Ukungu wa sukari ni mkavu, unakwaruza kidogo, na kidole hakiuondoi. Huo huletwa na maji yaliyoyeyusha sukari juu kisha yakakauka.

Chokoleti yenye ukungu wa mafuta haijaharibika, inaliwa. Iyeyushe mpaka 45 uianze upya. Ila usiitumie kuwa mbegu: fuwele zake za aina ya tano zimekwishavurugika, nayo itaharibu zote 300. Mbegu iwe ya pakiti iliyong'aa na kukatika vizuri ulipoifungua.